Sehemu halisi zinalinganishwa na nini?

*Naandaa maelezo ya Kiswahili kwa wanafunzi wangu wa kidato cha sita kuhusu kutafuta kipeuo cha pili cha namba changamano kwa aljebra tu, bila kugusa pembe. Nimeandika: "Baada ya kufungua mabano, sehemu halisi zinalinganishwa na sehemu za kufikirika." Mwenzangu anasema sentensi ni mbovu, afadhali niandike "zinasawazishwa". Mimi sioni ubovu wake. Nani yuko sahihi? – Mwalimu wa hisabati, Morogoro*

Mwalimu, mwenzako ameona ugonjwa, ila dawa aliyokupa siyo yake. Kitenzi chako hakina neno. Tatizo liko kwenye ile "na" inayokifuata.

Ukimwambia mtu "linganisha bei ya Kariakoo na ya Manzese", ataiweka bei moja mbele ya nyingine. Hivyo ndivyo "linganisha hiki na kile" inavyofanya kazi kila siku: "na" inamleta mshindani. Wewe ulikusudia "na" ya kuunga, yaani sehemu halisi zinalinganishwa, na za kufikirika pia zinalinganishwa. Lakini mwanafunzi hayumo kichwani mwako. Atasoma kwamba sehemu halisi ipambanishwe na sehemu ya kufikirika, na akikutii ataandika kitu ambacho hakipo. Tuchukue 3 + 4i. Tunatafuta x + yi ambayo mraba wake ni namba hiyo:

(x + yi)² = 3 + 4i

Mabano yakifunguliwa, i² ikageuka kuwa −1, upande wa kushoto unakuwa hivi:

(x² − y²) + 2xyi = 3 + 4i

Mwanafunzi aliyeshika sentensi yako kama ilivyo ana haki ya kuandika x² − y² = 2xy, na hapo safari imekwisha, kwa kuwa 3 na 4 zimebaki nje bila kazi. Ulichotaka afanye ni kuvuka alama ya sawasawa: halisi ya kushoto kwa halisi ya kulia, ya kufikirika ya kushoto kwa ya kufikirika ya kulia. Basi sema hivyo, hata kama sentensi itarefuka: "Linganisha sehemu halisi ya upande wa kushoto na sehemu halisi ya upande wa kulia, kisha fanya vivyo hivyo kwa sehemu za kufikirika." Hapo mlinganyo mmoja unazaa miwili:

x² − y² = 3
2xy = 4

Sasa "sawazisha". Kitenzi hiki kinahusu vitu ambavyo havikuwa sawa na mtu akavifanya viwe sawa. Fundi husawazisha sakafu, timu iliyofungwa husawazisha bao. Hapa hatufanyi chochote kiwe sawa. Usawa tumepewa tayari tulipoandika mlinganyo wa kwanza, na sisi tunasoma tu kilichomo ndani yake. Ndiyo maana mimi ningependelea hata zaidi "lazima zilingane": "Ili pande mbili ziwe sawa, sehemu zao halisi lazima zilingane, na sehemu zao za kufikirika lazima zilingane." Ina uzuri wa kukaa karibu na neno "mlinganyo" lenyewe. Tena ile "lazima" inabeba hoja ambayo "linganisha" peke yake haiibebi, kwani mtu anaweza kulinganisha vitu viwili akakuta vinatofautiana.

Mwanafunzi mkali atauliza lazima hiyo imetoka wapi. Mjibu kwa mistari miwili. Kama a + bi = c + di, basi a − c = (d − b)i. Zidisha kila upande kwa wenyewe: kushoto unapata mraba wa namba halisi, ambao hauwezi kuwa hasi, na kulia unapata mraba wa namba halisi wenye alama ya kutoa mbele yake, ambao hauwezi kuwa chanya. Kinachoweza kukaa pande zote mbili ni sifuri tu, kwa hiyo a = c na b = d.

Angalia, lakini, kwamba hoja hiyo inasimama kwa sababu a, b, c na d ni namba halisi. Kwa hiyo maelezo yako yanahitaji sentensi moja fupi ambayo waandishi wengi huiruka: "x na y ni namba halisi." Iandike mapema, kabla ya kufungua mabano, kwa sababu itahitajika punde. Kutoka 2xy = 4 tunapata y = 2/x. Tukiiweka kwenye mlinganyo wa kwanza na kuzidisha kote kwa x², tunapata:

x⁴ − 3x² − 4 = 0
(x² − 4)(x² + 1) = 0

Aidha x² = 4 au x² = −1. Jibu la pili linatupwa, na sababu ya kulitupa ni ile sentensi fupi. Kama hukuiandika, mwanafunzi atachukua x = i, atapata y = 2/i, yaani −2i, na ataandika i + (−2i)(i), ambayo ni 2 + i. Ukiendelea na x² = 4 unapata x = 2, y = 1, yaani 2 + i ile ile. Anaweza kudhani ana vipeuo vinne kumbe ni viwili vilivyoandikwa mara mbili. Hakuna kilichoharibika kwenye jibu lenyewe, ila maelezo yake yamevunja sharti la kulinganisha sehemu, na msahihishaji ana haki ya kumkata alama.

Neno "sehemu ya kufikirika" nalo lina mtego wake. Sehemu ya kufikirika ya 3 + 4i ni 4. Siyo 4i. Jina lenyewe ndilo linalodanganya, maana linamfanya mtu adhani kwamba sehemu hiyo nayo ni ya kufikirika, ilhali ni namba halisi kama ndugu yake. (Lawama tumpelekee Descartes, aliyezipachika namba hizi jina hilo mwaka 1637.) Mwanafunzi akiandika 2xy = 4i, y yake itakuwa 2i/x, na akiendelea ataangukia x⁴ − 3x² + 4 = 0. Akiitatua, atakutana na kipeuo cha pili cha −7 na kukwama. Dalili ya kosa iko kwenye ile alama ya kujumlisha kabla ya 4 ya mwisho. Kwa namba yoyote a + bi, mlinganyo sahihi ni x⁴ − ax² − b²/4 = 0, na kwa kuwa b² haiwi hasi, kipande cha mwisho hakiwezi kuwa chanya. Kama b si sifuri, x² itakuwa na jibu moja chanya na moja hasi, basi, wala haijalishi a ni ngapi.

Nirudi kwenye lugha, maana kuna jambo hukuliuliza lakini limo kwenye swali lako. "Kipeuo cha pili" kina maana mbili zinazogombana. Kihisabati ni namba ambayo mraba wake ni ile uliyopewa. Katika Kiswahili cha kawaida ni kipeuo kinachofuata cha kwanza. Na hapa tuna vipeuo viwili, 2 + i na −2 − i! Ukiandika "kipeuo cha pili ni −2 − i", msomaji hajui kama unataja aina yake au zamu yake. Andika "vipeuo vya pili vya 3 + 4i ni viwili", kisha "kimoja ni 2 + i na kingine ni −2 − i". Usikiite kimoja "chanya" na kingine "hasi" pia, kwa kuwa namba changamano hazipangwi kwa kubwa na ndogo. Kila kimoja ni kinyume cha mwenzake, basi.

Alama ± inaleta utata wa jinsi hiyo hiyo. Tuseme tunatafuta vipeuo vya pili vya 5 − 12i. Milinganyo yetu ni x² − y² = 5 na 2xy = −12. Hapa ningewaonyesha njia ya mkato: ukubwa wa x + yi ukizidishwa kwa wenyewe lazima ulingane na ukubwa wa 5 − 12i, kwa hiyo x² + y² = √(25 + 144) = 13. Jumlisha milinganyo miwili yenye miraba, unapata 2x² = 18. Toa wa kwanza kwenye wa pili, unapata 2y² = 8. Hakuna kipeo cha nne, hakuna jibu la kutupa. Lakini sasa x ni 3 au −3, na y ni 2 au −2, na mwanafunzi akiandika "±3 ± 2i" ametoa majibu manne, mawili kati yake ya uongo. Mlinganyo wa 2xy = −12 ndio unaoamua: xy ni −6, kwa hiyo alama za x na y zinapingana. Vipeuo ni 3 − 2i na −3 + 2i. Kwa maneno, andika "±(3 − 2i)" na ueleze kwamba alama inabadilika kwa mabano yote kwa pamoja. Msomaji akitaka kuhakiki, azidishe: 9 − 12i + 4i² ni 5 − 12i.

Wengi wanaotumia mkato huu husahau kurudi kwenye 2xy. Wakishapata x² na y² wanaona kazi imekwisha. Kwenye maelezo yako weka amri kamili, "Rudi kwenye mlinganyo wa 2xy uchague alama", wala usiseme "alama huchaguliwa ipasavyo", ambayo haimwambii mtu chochote.

Mwisho, kwenye y = 2/x kuna sharti lililojificha, kwamba x si sifuri. Katika 3 + 4i halisumbui, kwa kuwa xy ni 2. Lakini mpe mwanafunzi −9 na 2xy inakuwa 0. Akigawanya kwa x bila kuangalia, atabaki na y = 0 tu, atapata x² = −9, atalitupa kama alivyofundishwa, na kutangaza kwamba −9 haina kipeuo. Kwa namba ya namna hiyo mwandikie: "Ikiwa 2xy = 0, basi x = 0 au y = 0; jaribu kila moja." Ya pili inakataa, ya kwanza inatoa y² = 9, na vipeuo ni 3i na −3i.