Shairi la kuwakumbuka waliokufa kwenye mafuriko

*"Nimeombwa niandike shairi litakalosomwa kwenye kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu mafuriko yachukue watu wetu. Familia zao zitakuwepo. Nimeandika beti mbili za tarbia, mizani imetimia na vina vimekaa, lakini nikizisoma kwa sauti naona zingefaa msiba wowote ule. Nimekosea wapi?"*

Ndugu, niliwahi kupewa kazi hiyohiyo, na ubeti wangu wa kwanza ulikuwa huu:

Leo tumekusanyika, wazee pia vijana,
Machozi yatiririka, usiku hata mchana,
Mafuriko yalifika, yakatwaa wengi sana,
Maji yameshapungua, majina yenu yabaki.

Hesabu mwenyewe, kila mshororo una mizani kumi na sita, nane na nane. Lakini angalia kilichonipeleka kwenye kila neno. "Pia vijana" imeingia kwa sababu nilitaka kina cha *na*. "Usiku hata mchana" vilevile. Na "wengi sana" ndiyo mbaya kuliko zote, maana mwenye kufiwa hakupoteza wengi, alipoteza mmoja au wawili anaowajua kwa sauti zao. Mzee mmoja niliyemsomea akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hayo machozi yanayotiririka, ondoa. Mimi neno kutiririka silitaki tena." Hapo nikaelewa kitu ambacho sikukisoma popote: kwenye msiba wa mafuriko huwezi kutumia maji kama pambo. Mto wa machozi, mawimbi ya huzuni, bahari ya majonzi, vyote hivyo ni tamathali za kawaida katika mbolezi nyingine, ila hapa vinamrudisha msikilizaji kwenye usiku ule. Mimi niliyaacha maji mahali pamoja tu, kwenye kibwagizo, na huko yanapungua.

Kibwagizo ndicho kitu pekee nilichokibakiza. Mishororo mingine nikaitupa, nikaenda kuuliza familia swali moja: kitu gani kilibaki nyumbani? Sikuuliza walikufaje. Watu walitaja vitu vidogo, na viatu vilitajwa zaidi ya mara moja. Ubeti ukawa hivi:

Mlituaga kulala, hamkudhani safari,
Viatu viko mahala, mlangoni vi tayari,
Tukakesha bila kula, tukingojea habari,
Maji yameshapungua, majina yenu yabaki.

Vina vya ukwapi ni *la*, vya utao ni *ri*, na hakuna neno lililoletwa na kina peke yake. Pia nimewasemesha marehemu wenyewe, "mlituaga", badala ya kuwasimulia. Ukisema "waliaga", hadhira inakuwa watazamaji. Ukisema "mlituaga", aliyefiwa anasikia maneno ambayo huenda yeye mwenyewe hakupata nafasi ya kuyasema.

Nilidhani nimemaliza. Nikausoma tena mbele ya watu wachache wa familia, na mama mmoja akanisahihisha: wake hakuwa amelala. Alikuwa ameshatoka, akarudi kuvusha watoto wa jirani. Kwake yeye ubeti wangu ulikuwa uongo, na uongo wa namna hiyo unauma kuliko ubeti mbovu. Sikuubadilisha, kwa sababu kwa wengine ulikuwa kweli. Niliongeza mwingine:

Kuna aliyerejea, kuvusha mwana si wake,
Giza na hofu kujaa, hakuwaza roho yake,
Mtoto akamtoa, naye asirudi kwake,
Maji yameshapungua, majina yenu yabaki.

Kwa hiyo kabla hujaendelea na beti zako, jua maji yaliingia saa ngapi, nani alikuwa wapi, na kama kuna ambao hawajapatikana hadi leo. Hili la mwisho lichunge sana. Nilikuwa na mshororo unaosema "laleni makaburini", nikaukata nilipogundua kwamba familia mbili hazikuzika mtu. Ubeti wa hao uliwataja kama wanaongojwa, basi. Kaburi halikuingia popote.

Jambo jingine nililoliacha nje ni sababu. Wapo watakaotaka uandike kwamba ilikuwa amri ya Mungu, na wapo wenye hasira kuhusu mitaro iliyoziba au onyo lililochelewa. Wote wanaweza kuwa wamekaa safu moja. Viongozi wa dini watasema yao, na hasira ina majukwaa yake. Shairi likichukua upande, nusu ya waliofiwa wanaacha kulisikiliza.

Sasa majina. Usijaribu kuyaingiza kwenye mizani. Nilijaribu, nikajikuta nakata jina la mtu silabi moja ili nipate nane, na nikaona aibu peke yangu. Nilichofanya ni kusimamisha shairi baada ya ubeti wa tatu, nikayasoma majina kwa maneno ya kawaida, moja moja, na kimya kifupi baada ya kila jina, kisha nikarudi kwenye ubeti wa nne. Yapange kwa alfabeti ili asiwepo wa kwanza kwa cheo. Uliza kila familia jina linatamkwaje na kama ndilo walilomwitia nyumbani, halafu warudishie orodha waithibitishe. Kwenye orodha yetu alikosekana mtoto mchanga ambaye hakuwa amepewa jina. Tulimwita "mtoto mchanga wa" kisha jina la mama yake, na mama mwenyewe ndiye aliyechagua maneno hayo.

Kuhusu lugha, kumbuka msikilizaji analisikia mara moja tu, hana ukurasa wa kurudia. Inkisari kama "vi tayari" inapita, maana sikio linaikamata. Lakini ukianza kuvuta maneno ya kale au kubadilisha herufi ili kina kitii, watu wanabaki wakitafuta maana wakati wewe uko mshororo wa tatu. Bora ubadilishe kina chote cha ubeti. Mimi nilibadilisha vina vya ubeti wa tano mara nne.

Kwa usomaji, beti sita zinatosha. Nikisoma taratibu, ubeti mmoja hunichukua kama nusu dakika, kwa hiyo shairi ni dakika tatu na ushei, mbali na majina. Pumua kwenye mkato ulio kati ya ukwapi na utao, usipumue mahali pengine. Usighani kama hujazoea kughani, maana sauti ikikwama katikati ya mahadhi haijifichi, ilhali katika kusoma kwa kawaida kimya huonekana ni sehemu ya shairi.

Kibwagizo wagawie watu. Mara ya kwanza niliusoma mshororo wote mara mbili, kisha nikawaeleza kwamba kuanzia hapo mimi nitasema "Maji yameshapungua" na wao wamalizie "majina yenu yabaki". Ubeti wa pili waliitikia wachache kwa woga. Baada ya majina kusomwa, waliitikia wote, na mimi ndiye niliyeshindwa kuendelea.

Ndiyo maana nakwambia: chapa nakala mbili kwa herufi kubwa, moja mpe mtu atakayesimama nyuma yako, na mkubaliane kabisa kwamba ukinyamaza kwa muda anaoweza kuhesabu hadi kumi, anasogea mbele na kuendelea pale ulipoishia bila kukuuliza. Aliyekuwa nyuma yangu alimalizia ubeti wa tano na wa sita.