Biti nimelipia, bado nimepigwa kopiraiti

> "Biti nimenunua kwa prodyuza, lakini YouTube wanasema wimbo ni wa msanii nisiyemjua. Nipinge?"

Usipinge kabla hujafungua YouTube Studio, ukabonyeza See details kwenye hiyo video. Utaona nani anadai na ni dakika zipi. Sikiliza wimbo wake. Ukikuta biti ni ileile na sauti tofauti, basi prodyuza aliwauzia wengi, na mwenzako akausajili wimbo wake kwenye Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua muziki kwenye video. Mashine imetambua biti tu. Huenda yeye hata hajui.

Sasa soma mkataba wako. Kama ni leseni isiyo ya kipekee inayoruhusu YouTube, pinga kwa sababu ya leseni, ukiandika kwa upole: biti ni ya nani, umenunua lini, leseni inaruhusu nini. Risiti ya M-Pesa peke yake inaonyesha ulilipa, haionyeshi ulipewa haki gani, kwa hiyo mwombe prodyuza maandishi.

Mdai ana siku 30 kujibu. Kama chaneli yako inalipwa, pinga ndani ya siku 5 ili mapato yashikiliwe tangu siku ya kwanza ya dai. Leseni hairuhusu? Badilisha muziki tu. Ukilazimisha, anaweza kuomba video iondolewe, na hapo unapata straiki.