Mita ndogo hazifiki nusu ya bili? Usiandike "hasara za njiani"

*"Wakuu, kiwanda chetu cha minofu hapa Mwanza kinatakiwa kukamilisha ukaguzi wa mazingira na matumizi ya nishati. Vibali vipo. Nimejumlisha mita ndogo za umeme, hazifiki hata nusu ya bili ya TANESCO. Mtaalamu mshauri ananiambia iliyobaki niiandike 'hasara za njiani'. Ni sawa? Na kumbukumbu za taka ziweje?"*

Mkuu, usiiandike hiyo sentensi. Nimesoma swali lako nikapandwa na hasira, maana maneno hayo hayo tuliandikiwa na mshauri tuliyemlipa fedha nzuri, katika kiwanda cha sangara kama chako, na yalitugharimu mara mbili.

Nitakupa hesabu ya mwezi mmoja. Bili ilikuwa uniti 168,000 na jenereta halikuwashwa. Mita ndogo zilisomeka hivi: chumba cha blasti, yaani cha kugandishia samaki haraka, 690, mtambo wa barafu 38,400, vyumba vya kuhifadhia 9,700, na ukumbi wa minofu pamoja na ofisi 31,000. Jumla 79,790. Zimepotea uniti 88,210. Mshauri akaandika "hasara za njiani", akagonga muhuri, akaondoka.

Sasa zigawe hizo uniti kwa saa 720 za mwezi. Unapata kilowati 122 zinazogeuka joto mfululizo, sawa na majiko 61 ya kilowati mbili yakiwaka usiku na mchana juu ya trei zako za nyaya. Kiwanda kingeungua ndani ya wiki ya kwanza. Mtu anayejiita mtaalamu wa nishati hakufanya hesabu hiyo ya mstari mmoja, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Kosa lilikuwa kwenye mita. Mita za paneli kubwa hazipitishi umeme wote ndani yake, zinasoma kupitia CT, kile kifaa kinachozunguka kebo na kuipa mita ampea zilizopunguzwa. CT iliyoandikwa 400/5 inapunguza ampea mara 80 kabla hazijafika kwenye mita. Mita nyingine zimewekewa uwiano huo ndani, zinaonyesha namba halisi. Nyingine hazijawekewa, wewe ndiye unatakiwa kuzidisha. Kwa nje zinafanana kabisa, hata zikiwa za kampuni moja na zimefungwa siku moja, kwa hiyo ukizidisha zote kwa mkumbo unaharibu upande wa pili.

Namna ya kuzijua ni kusimama mbele ya paneli na fundi mwenye klampi mita, ile inayobana kebo na kusoma ampea zake, wakati mzigo unatembea. Pale blasti, klampi ilitupa ampea 212 kwenye kebo, kioo cha mita kikaonyesha 2.65. Zidisha 2.65 kwa 80, unapata 212. Kwa hiyo zile uniti 690 zilikuwa 55,200. Hatukuishia hapo, kwa sababu namba moja haijithibitishi yenyewe. Kompresa ya blasti ilikuwa na kihesabu saa, na mwezi ule ilitembea saa 442. Kwa kuwa ni fezi tatu, zidisha 1.73 kwa volti 400, ampea 212 na pawa fakta 0.85, unapata kama kilowati 125. Mara saa 442, unapata 55,250. Zimekutana.

Vyumba vya kuhifadhia vilikuwa na ugonjwa mwingine. Pale klampi na kioo vilikubaliana kwa ampea fezi zote tatu, lakini tulipofungua ukurasa wa kilowati za kila fezi, fezi ya pili ilikuwa na alama ya kutoa. CT yake ilifungwa kinyume. Mizigo ya fezi ikiwa sawa, mita inajumlisha mbili na kutoa moja, inakupa theluthi tu ya ukweli. Ile 9,700 ilikuwa karibu 29,100. Hiyo ya mwezi uliopita iandike kama makadirio, geuza CT umeme ukiwa umezimwa, kisha anza kumbukumbu upya. Na fundi wako aelewe kwamba CT haifunguliwi upande wa mita mzigo ukiwa unatembea. Volti inapanda pale hadi kuua mtu.

Jumla mpya ikawa 153,700. Zilibaki uniti 14,300, kama asilimia 8.5 ya bili. Hapa ndipo wengi wanapumua na kusema "sasa hizi ndizo hasara". Usikubali. Tulifuata kebo kutoka kwenye mita kubwa hatua kwa hatua, tukakuta tawi moja linatoka kabla ya paneli zenye mita ndogo, linateremka hadi nyumba ya pampu ufukweni. Pampu inayovuta maji ziwani haikuwa na mita ya umeme, na mita yake ya maji ilikuwa imeganda, mshale hausogei. Tulipima kilowati 22, na daftari la mwendeshaji lilionyesha saa 600 kwa mwezi. Hizo ni uniti 13,200. Sasa iliyobaki ni 1,100, chini ya asilimia moja, na hiyo nyaya zinaweza kuila.

Lakini angalia kilichojitokeza. Pampu ile hutoa mita za ujazo 60 kwa saa. Mara saa 600 ni 36,000 kwa mwezi, yaani 1,200 kwa siku. Kibali chetu cha kutumia maji kilisema 800. Kwenye faili la mazingira kila siku imeandikwa 800, mwaka mzima, bila kupanda wala kushuka hata siku ambazo samaki hawakuingia. Majibu ya maabara ya majitaka nayo yalikuwa chini ya kikomo cha BOD, kipimo cha uchafu unaokula oksijeni ya maji, miligramu 30 kwa lita, kila mtu akaridhika. Kikomo hicho ni cha ukali wa maji. Hakikuambii ni maji mengi kiasi gani yanarudi ziwani.

Kwa hiyo "hasara za njiani" zilificha uvunjaji wa kibali, na zikatutia hasara ya pili: kwa kuwa ripoti ilionyesha ukumbi wa minofu unakula kuliko blasti, menejimenti ilimwaga fedha kwenye taa mpya, huku mlango wa blasti umechanika mpira na barafu imejaa kwenye fremu.

Basi sheria yangu ni hii: namba yoyote isiingie kwenye ripoti mpaka ikutane na namba nyingine iliyotoka mahali tofauti. Uniti zikutane na saa za mashine. Maji ya kuvuta yakutane na saa za pampu na majitaka yanayotoka. Mita ndogo zisomwe siku ileile TANESCO wanaposoma kubwa, maana bili haianzi tarehe moja. Jenereta likiwaka, toa uniti zake kwanza, kwani mita ndogo zinazihesabu na bili haizijui.

Taka ni hivyo hivyo. Kilo za sangara zilizoingia zikutane na minofu, mabondo, mapanki na taka zilizotoka kwa risiti za mizani. Zaidi ya nusu ya uzito wa sangara haiwi mnofu, kwa hiyo daftari lenye taka kidogo linajisema lenyewe. Na kuhusu vibali, usiseme tu "vipo". Fungua kile cha kutumia maji na kile cha kutiririsha majitaka, vyote vya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, uone kiasi kilichoandikwa kabla hujaangalia tarehe.

Kesho nenda na klampi mita. Kwa kila paneli andika namba iliyo kwenye kibao cha CT, ampea za klampi, ampea za kioo na alama ya kilowati za kila fezi. Zilete hapa tuzihesabu pamoja kabla hujasaini chochote.