Rufaa ya dai la hakimiliki YouTube: bado, imekubaliwa au imekataliwa?

"Wadau wa Tanga, video yangu ya harusi ya Pongwe ina dai la wimbo. Nimekata rufaa, siku ya tisa kimya. Nitajuaje kama imekataliwa?"

Pole, ndugu yangu. Fungua YouTube Studio, ingia `Content`, tazama safu ya `Restrictions` kwenye video hiyo. Gusa `Copyright`, kisha `See details`. Hali ya dai imeandikwa humo.

Ila siku tisa zinanipa shaka kwamba ulichotuma ni pingamizi la kwanza, siyo rufaa. Kwa pingamizi mdai ana siku 30 za kujibu. Kwa rufaa ana 7. Huenda basi bado unasubiri.

Dai likitoweka, ama mdai ameliachia ama muda wake umekwisha. Pingamizi likikataliwa, dai linabaki na mara nyingi unaruhusiwa kukata rufaa. Hapo tafakari sana, maana rufaa ikikataliwa mdai anaweza kuiondoa video, na chaneli ikapata onyo.

Dada wa Chumbageni hapo juu anasema video ikiendelea kuonekana umeshinda. Hapana, dada: huwa inaonekana hata dai likiwa hai.

Wimbo wenyewe ulipigwa na bendi ukumbini, au ni rekodi?