Tangazo la nyumba ya kupanga Mamboleo: pa kurekebisha

"Nina nyumba ya kupanga Mamboleo, Kisumu. Tangazo nimeliandika hivi: 'Vyumba viwili vya kulala. Sebule 14 kwa 12, masta 12 kwa 11, chumba cha pili 10 kwa 9, jiko 8 kwa 7. Tailisi, maji, tokeni, usalama. Bei nafuu.' Simu zinaingia, watu wanakuja kuona, wanaondoka wakisema watarudi. Iko ghorofa ya kwanza, masta inatazama jua linakotua, tangi la lita 5,000 ni la nyumba sita, kodi ni 17,000. Nirekebishe wapi?"

Ndugu, usianze na maneno. Anza kwa kuandika maswali ambayo wapigaji wamekuuliza wiki hizi. Yanayojirudia ndiyo sentensi zinazokosekana. Kisha nenda kwenye nyumba mara tatu ikiwa tupu: saa moja asubuhi, saa kumi alasiri na saa mbili usiku. Kaa dakika ishirini kila mara, madirisha yakiwa yamefungwa kwanza, halafu yamefunguliwa. Anayepanga hataishi ndani ya futi zako, ataishi ndani ya hizo saa.

Hiyo masta ndiyo kazi kubwa, na naamini ndiyo inayowafukuza watu. Kisumu tuko magharibi mwa nchi, kwa hiyo jua la utosi hutufikia kama saa sita na dakika arobaini, na huzama karibu saa moja kasorobo jioni. Dirisha la magharibi basi lina alasiri ndefu. Saa tisa jua bado liko juu na kinachopata joto zaidi ni ukuta wa nje. Kufikia saa kumi na nusu limeshuka kiasi cha kuingia ndani hadi kitandani. Ukuta wa mawe au bloku hunywa lile joto na kulitoa polepole baada ya giza, ndiyo maana chumba huwa cha moto saa mbili usiku ilhali nje kumepoa. Mtu aliyekuja kuona saa kumi ameshahisi joto hilo likianza hata kama hakukwambia.

Usimfiche. Liandike joto hilo, na pembeni yake uandike kinacholipunguza. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani, usiku hugeuka ukatoka nchi kavu kuelekea ziwani, lakini jengo la jirani linaweza kuuziba wote. Njia ya kujua ni rahisi: ning'iniza kipande cha karatasi ya shashi dirishani, ufungue mlango wa chumba na dirisha la upande wa pili wa nyumba. Kikicheza saa mbili usiku, una sentensi nzuri ya kweli. Kikilala, usitaje upepo kabisa, weka pazia zito na wavu wa mbu, kisha utaje hivyo. Bila wavu, kusema "fungua madirisha usiku" hapa Kisumu ni mzaha.

Jihadhari pia na sentensi za jua kuhusu madirisha ya kaskazini na kusini. Tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo Juni jua hupita upande wa kaskazini na Desemba upande wa kusini. Ukiandika mwezi wa Juni kwamba dirisha la kusini halipigwi na jua, mpangaji wa Desemba atakuona mwongo.

Sasa vipimo. Usivifute, maana mwenye kochi kubwa anavihitaji, ila vishushe chini na juu uweke vinachomaanisha. Chukua chumba cha pili, 10 kwa 9. Kama kabati la ukutani lenye kina cha futi 2 limo ndani ya ile 10, zimebaki 8 kwa 9. Kitanda cha 5 kwa 6 pamoja na fremu hula karibu futi 6 na nusu kwa urefu. Miguu ikielekea kabati, inabaki futi moja na nusu na milango ya kabati haifunguki vizuri. Ukikigeuza, ubavu ukutani, unapata karibu futi 3 mbele ya kabati, lakini meza ya kusomea haina pa kukaa. Kwa hiyo andika: "Kinaingia kitanda cha 5 kwa 6 bila meza, au cha 3 kwa 6 pamoja na meza ya mwanafunzi." Mzazi mwenye mtoto wa sekondari ataelewa mara moja. Pima kwanza kama kabati liko ndani au nje ya ile 10. Matangazo mengi hukosea hapo.

Neno "maji" peke yake halisemi kitu. Lita 5,000 kwa nyumba sita ni kama lita 830 kila moja. Familia ya watu wanne inayotumia ndoo nane za lita 20 kwa siku inamaliza 160, basi bomba likikauka tangi linawafikisha siku tano hivi. Hiyo ndiyo habari. Tokeni nayo: sema kama mita ni yake peke yake au mnagawana, kwa sababu ugomvi mwingi wa ploti huanzia hapo.

Jikoni kuna swali moja tu la maana: ukikaanga samaki au omena, harufu inakwenda wapi? Dirisha likifunguka nje, sema. Likifunguka koridoni, nyamaza na uache picha ionyeshe.

"Usalama" na "bei nafuu" zitoe. Weka lango hufungwa saa ngapi na kama kuna mlinzi, kisha kodi yenyewe, dipoziti na ada ya taka.

Mimi ningeliandika hivi. Usiyonitajia nimekisia, uyabadilishe baada ya kukagua:

"Mamboleo, ghorofa ya kwanza, vyumba viwili vya kulala, sh 17,000. Dakika saba kwa miguu kutoka stegi. Asubuhi sebule ina mwanga bila kuwasha taa. Masta inatazama magharibi: alasiri jua huingia na chumba huwa na joto hadi kama saa mbili usiku, kina pazia zito na wavu wa mbu, na ukifungua dirisha la sebule upepo hupita. Chumba cha pili kinatosha kitanda cha 5 kwa 6 bila meza, au cha 3 kwa 6 na meza. Dirisha la jiko hufunguka nje. Bomba likikauka, fungu lako la tangi la pamoja huwatosha watu wanne siku tano hivi. Mita ya tokeni ni yako peke yako. Lango hufungwa saa nne usiku. Vipimo: sebule 14 kwa 12, masta 12 kwa 11, cha pili 10 kwa 9 pamoja na kabati, jiko 8 kwa 7."

Hizo dakika saba zitembee mwenyewe kwa mwendo wa mtu aliyebeba mboga, na uzitembee tena siku ya mvua. Njia ikigeuka matope, ongeza hilo papo hapo baada ya neno "stegi".

Simu zitapungua. Wanaokuja watakuwa wameshakubali joto la masta kabla ya kupanda ngazi, kwa hiyo wape miadi ya saa kumi alasiri, chumba kikiwa kimeanza kupata moto wake.