Kabla hujapanga bajeti ya mshahara wa kwanza, hebu fungua hiyo slipu

Juzi dogo mmoja mgeni hapa kazini kanionyesha bajeti yake kwenye ekseli, rangi kila kona, asilimia 50 ya lazima, 30 ya starehe, 20 ya akiba, kaipanga vizuri kweli. Namuuliza hii namba ya juu umeitoa wapi, ananiambia kwenye barua ya ajira. Jamani. Kila wakiajiriwa wapya ni hivihivi, na wanaojua wanakaa kimya wanasubiri kukopwa hela.

Haya wadogo zangu, kaeni hapa. Kwenye hesabu zote nikisema 100 namaanisha netpei yako ya kawaida ya mwezi, yaani inayobaki baada ya makato yote, iwe ndogo au kubwa, wewe weka ya kwako.

1. Bajeti inaanza na netpei, tena ile ya kawaida

Barua ya ajira inakupa grosi. Humo bado kuna kodi ya mapato, mfuko wa hifadhi ya jamii, bima kama ipo, na kwa waliosoma kwa mkopo, makato ya mkopo ambayo mara nyingi hayaanzi mwezi wa kwanza, yanakuja baadaye ukiwa umeshazoea kiwango kingine. Hilo wengi mnalijua. Msilolijua ni kwamba hata hela iliyoingia benki mwezi wa kwanza inaweza isiwe mshahara wako.

Mimi ilinikuta hivi. Nilianza kazi katikati ya mwezi, payroo ilikuwa imeshafungwa, kwa hiyo mwisho wa mwezi ule sikupata kitu. Mwezi uliofuata ikaja meseji ya benki, nikaona 160. Slipu ilitumwa kwa imeli, sikuifungua, ya nini wakati hela naiona? Kumbe mle ndani kulikuwa na mstari mmoja umeandikwa malimbikizo, yaani 60 ilikuwa ya zile wiki za mwezi wa nyuma, mshahara wenyewe ni 100. Mimi nikajiona nimelamba 160 kila mwezi hadi kustaafu.

Nikakaa nikapiga bajeti, na ubaya ni kwamba ilikuwa bajeti ya kistaarabu kabisa, hakuna anasa za ajabu. Nyumba 50, maana kuna mtu aliniambia kodi isizidi theluthi ya mshahara na 50 kwenye 160 haifiki theluthi. Simu ya kulipia kidogokidogo 25. Nyumbani nikawaahidi 25 kila mwezi, mama alifurahi mpaka akamwita baba asikie. Kikundi cha akiba 20. Jumla 120, zinabaki 40 za kula na nauli, nikalala usingizi mzuri.

Mwezi uliofuata ikaingia 100. Nikapiga simu kwa watu wa mishahara kwa hasira kabisa, nimekatwa hela yangu, dada wa watu akanisikiliza mpaka mwisho halafu akaniuliza taratibu, "Slipu umeisoma?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Sasa angalia hesabu ilivyo. Ahadi za 120, hela 100, na bado sijala. Kula na nauli hata kwa kujibana ni 30, kwa hiyo pengo ni 50. Nikaliziba kwa mkopo wa kwenye simu, unaorudi ndani ya siku 30 na riba yake, mwezi uliofuata wakachukua 55, nikabaki na 45 huku zile 120 zinanisubiri palepale. Kuanzia hapo mkopo unalipa mkopo. Nyumba nilishasaini mkataba, kutoka lazima nitoe notisi. Simu ukiacha kulipa wanaifunga, nayo ikafungwa, na zile nilizotoa zikaenda. Kikundi nikatoka kwa aibu. Lakini lililouma kuliko yote ni kumpigia mama kumwambia ile 25 sasa ni 10, na yeye anajibu haina shida mwanangu kwa ile sauti ambayo unajua kabisa shida ipo.

Kwa hiyo slipu fungua. Tafuta mstari wa malimbikizo, uutoe. Ovataimu na posho za safari zitoe pia, hata kama umezipata miezi miwili mfululizo. Kinachobaki ndo 100 yako, na ahadi yoyote ya kila mwezi, mkataba wa nyumba, simu ya mkopo, hata ahadi ya nyumbani, isubiri mpaka uone slipu mbili zinazofanana. Ukishindwa kusubiri nyumba, chukua chumba ambacho hata makato mapya yakija utakimudu.

2. Mwezi wako unaanza siku ya mshahara, sio tarehe moja

Na angalia miezi ya sikukuu, wakilipa mapema kushangilia ni kwako, ila mshahara unaofuata uko palepale na unaweza kukaa siku 40 kuusubiri.

3. Mwezi wa kwanza wa kufuatilia, wewe andika tu

Usijikataze kitu bado. Kila hela inayotoka iandike siku hiyohiyo, daftari au simu ni sawa, mafungu sita yanatosha, mwenye mafungu ishirini anaacha wiki ya pili. Makato ya kutuma na kutoa hela yaweke peke yake, yatakushangaza.

Mwisho wa mwezi fanya hesabu moja tu: ulichoanza nacho, jumlisha kilichoingia, toa ulichoandika. Mfano ulianza na 3, ikaingia 100, umeandika matumizi ya 82, unatakiwa uwe na 21. Ukikusanya benki, simu na mfukoni unakuta 12. Hiyo 9 ndo hela usiyoikumbuka, na mara nyingi sio wizi, ni vitu vidogovidogo vya keshi na "nitakurudishia kesho" za marafiki. Kama pengo ni 1 au 2 achana nalo, lisikukoseshe usingizi.

4. Vya mara moja kwa mwaka

Nguo, leseni, safari ya kwenda nyumbani, michango. Orodhesha, jumlisha, gawa kwa 12, weka kila mwezi akaunti nyingine. Mtu anayesema "mwezi huu umekuwa na dharura" kila mwezi huyo hana dharura, hana fungu hili.

5. Hela ya kula gawanya kwa siku, usigawanye kwa wiki nne

Mwezi wa siku 31 una wiki nne na siku tatu, na zile siku tatu ndo mnapokuja mezani kwangu.

Yule dogo tulikaa naye tukaifuta ekseli tukaanza upya na netpei. Nyumba 25, nyumbani 10, bili na bando 8, fungu la mwaka 7, akiba 10, jumla 60. Inabaki 40, gawa kwa siku 31, ni kama 1.3 kwa siku, yaani 9 kwa wiki. Akaguna, nauli peke yake inakula 5. Sawa, tukashusha akiba mpaka 6, ikawa 44, karibu 10 kwa wiki. Akataka tukate fungu la mwaka badala ya akiba, nikamkatalia, maana leseni yake ya udereva inaisha baada ya miezi minne na nilishaiona.

Sasa anahamishia 10 kwenye laini ya matumizi kila Jumatatu, zile za siku tatu za mwisho haziguswi mpaka wiki ya tano. Wiki iliyopita ilikata Ijumaa. Nimemwambia asiongeze kitu, aandike tu ilikatia wapi.