Hotuba ya kufungua siku ya mishale

"Jumamosi mimi ndiye msimamizi wa uwanja, vijana wanakuja kulenga mishale. Niwaambie nini kuhusu mstari na shabaha bila kuwachosha?"

Mwalimu, anza na filimbi uipige wakiisikia. Filimbi mbili ni kusogea mstarini, moja ni kuanza kurusha, na tatu ni kwenda kuchukua mishale. Tano au zaidi ni hatari: hakuna anayeachia tena, mshale unarudi kwenye podo.

Kisha waambie hivi: "Mguu mmoja huku, mwingine kule, mstari katikati. Mshale hauwekwi kwenye uzi kabla ya filimbi. Ukimaliza, rudi nyuma ya mstari wa kusubiri. Mshale ukikudondoka mbele, uache hapo hadi filimbi tatu." Hili la mwisho lirudie, maana mtoto huinama kuuokota bila kufikiri, na jirani yake kashavuta upinde.

Kwenye shabaha, twendeni kwa kutembea. Mikia ya mishale iliyochoma iko usawa wa macho ya mtoto anayekimbia. Hakuna kugusa mshale kabla alama hazijaandikwa. Anayeng'oa aangalie kwanza nyuma yake pako wazi, akandamize shabaha kwa kiganja kimoja, ashike mshale karibu na shabaha, avute moja kwa moja. Ukiuyumbisha unapinda.

Kama wadogo wang'oe wenyewe, makocha hawakubaliani. Mimi huwaachia wakubwa.